Kompyuta katika ofisi ya madaftari: Yeyusha, badilisha, kisha gandisha

MFANYABIASHARA anayenunua programu ya hesabu kwa ajili ya duka lake mara nyingi hutumia fedha na muda wake wote kwa jambo moja: kununua kompyuta, kuiweka programu, na kumleta fundi awafundishe makarani kwa siku mbili au tatu. Miezi mitatu baadaye kompyuta iko mezani na inawaka, lakini likiulizwa deni la mteja karani anavuta droo na kutoa daftari. Fedha imekwisha kutumika, kazi imekuwa mara mbili, na mwenye duka hajui hesabu ipi aiamini.

Hali hiyo ina maelezo ya zamani. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyezaliwa mwaka 1890 na kuihama Ujerumani mwaka 1933 kwenda Marekani, aliandika mwaka 1947, mwaka aliofariki, kwamba mabadiliko katika kundi la watu hupitia hatua tatu. Kwanza mazoea ya zamani huyeyushwa, kisha watu huhamishiwa kwenye utaratibu mpya, na mwisho utaratibu huo hugandishwa ili usirudi ulikotoka. Kwa kipimo hicho, mwenye duka aliyetajwa hapo juu amelipia hatua ya kati peke yake. Hakuyeyusha, na hakugandisha.

Lewin hakuyasema hayo kwa kubuni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, nyama ya kawaida ilipokuwa adimu Marekani, alichunguza namna ya kuwafanya akina mama wa nyumbani wapike mioyo, figo na nyama nyingine za ndani ambazo hawakuzizoea. Baadhi ya makundi yalisikiliza mhadhara mzuri juu ya faida za nyama hizo. Mengine yalizungumza yenyewe juu ya vikwazo, kisha kila mama akaamua mbele ya wenzake. Baadaye ilionekana kwamba waliosikiliza mhadhara na kupika walikuwa asilimia 3 tu, na walioamua pamoja walikuwa asilimia 32. Semina ya siku mbili ya fundi wa kompyuta ni mhadhara wa aina ile ile.

Duka la mfano

Chukua mfano wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam, lenye watu sita: mwenye duka, keshia, karani wa mikopo, mtunza stoo na wauzaji wawili. Tarakimu zinazofuata ni za mfano, lakini zinafanana na zile ambazo mfanyabiashara yeyote wa kiwango hicho anaweza kuzihesabu dukani kwake.

Duka linaandika ankara 80 kwa siku, kila moja kwa nakala tatu: moja ya mteja, moja ya hesabu na moja ya stoo. Lina wateja 140 wanaochukua mali kwa mkopo, na madeni yao yameandikwa katika leja ya wadaiwa yenye jumla ya shilingi 38,400,000. Karani wa mikopo ameishika leja hiyo kwa miaka mingi. Anajua kwa kichwa nani hulipa mwisho wa mwezi na nani hungoja mpaka apigiwe simu.

Mwenye duka anataka kuanza na leja hii, kwa kuwa ndiko fedha zake zilikolala. Uamuzi huo ni sahihi. Anayehamisha mauzo, stoo, mikopo na mishahara kwa siku moja hawezi kujua kosa limetokea wapi.

Kuyeyusha: kuondoa kinachozuia

Lewin alieleza kwamba mazoea hukaa yalipo kwa sababu nguvu zinazosukuma mabadiliko na nguvu zinazoyazuia zimelingana. Mwenye duka akiongeza msukumo, kwa amri au vitisho, mvutano huongezeka na watu hujificha. Njia nyepesi ni kutafuta kinachozuia na kukiondoa.

Katika duka la mfano, vizuizi vinahesabika. Karani wa mikopo anaona kwamba yaliyomo kichwani mwake yakiingia kwenye mashine, hatahitajika tena. Mtunza stoo, ambaye hukatwa mshahara mali inapopungua, anaogopa kwamba kompyuta itafichua upungufu wa miaka ya nyuma na yeye ndiye atakayelipishwa. Wauzaji hawana kasi ya kuchapa, na wateja wamesimama kaunta. Wote wanajua kwamba umeme hukatika. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibiwa na sifa za programu.

Kitu cha kwanza kinachofaa kufanywa ni kuzifanya karatasi zenyewe zitoe ushahidi. Siku moja ya Jumamosi, baada ya kufunga, karani wa mikopo na keshia wanachagua wateja 20 wenye madeni makubwa. Kwa kila mmoja wanajumlisha ankara zote ambazo hazijalipwa, wanatoa stakabadhi za malipo, kisha wanalinganisha na salio lililoandikwa kwenye leja. Katika mfano huu wateja 6 kati ya 20 hawakulingana. Leja ilionyesha jumla ya shilingi 14,200,000 kwa wateja wote 20, na karatasi zilionyesha shilingi 15,050,000. Shilingi 850,000 zilikuwa nje bila mtu kuzidai, kwa sababu ankara kadhaa hazikuwahi kuandikwa kwenye leja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, na mali ilipotea vilevile. Kazi hiyo ni lazima ifanywe na makarani wenyewe. Mwenye duka akileta mkaguzi wa nje, matokeo yale yale yatasomeka kama mashtaka, na watu watatetea leja badala ya kuitilia shaka.

Hapo ndipo hufuata jambo la pili, ambalo wengi huliruka. Edgar Schein, mtaalamu wa menejimenti wa Marekani aliyeendeleza mawazo ya Lewin, alisisitiza kwamba mtu aliyeonyeshwa kasoro ya utaratibu wake habadiliki mpaka aone kwamba kubadilika hakutamwangamiza. Kwa duka hili maana yake ni ahadi mbili za wazi, zilizoandikwa na kutiwa sahihi. Ya kwanza ni kwamba tofauti yoyote ya hesabu iliyopatikana kabla ya siku ya kuanza itaingizwa katika akaunti ya peke yake, inayoitwa “tofauti za mwanzo”, na haitakatwa katika mshahara wa mtu isipokuwa ikithibitika kuwa ni wizi. Ya pili ni kuhusu ajira. Kama hakuna atakayepunguzwa, isemwe hivyo. Kama yupo, aambiwe kabla ya kazi kuanza, kwani ahadi ya uongo hapa hugharimu zaidi ya ukimya.

Ndipo kikao cha uamuzi kifanyike. Mwenye duka anataja lengo, kwa mfano deni la mteja yeyote lijulikane kwa usahihi kabla mteja hajaondoka kaunta. Wafanyakazi wanapanga nani ataingiza nini na saa ngapi, na ni mwezi gani wa kuanza. Katika vifaa vya ujenzi haifai kuanza wakati wa kiangazi, watu wanapojenga na kaunta imejaa. Miezi ya masika, biashara ikiwa imepoa, ndiyo inayotoa nafasi ya kukosea na kusahihisha.

Kubadilisha: majina, salio na siku ya kuanza

Kabla ya tarakimu yoyote kuingia kwenye kompyuta, orodha husafishwa. Leja ya karatasi huvumilia mteja mmoja kuandikwa kwa majina matatu, kwa kuwa karani anajua ni mtu yule yule. Kompyuta huwafanya watu watatu, na kila mmoja hupata kikomo chake cha mkopo. Vipimo navyo ni hivyo hivyo. Saruji ikinunuliwa kwa tani na kuuzwa kwa mfuko, ni lazima programu ielezwe kwamba tani moja ni mifuko 20 ya kilo 50. Misumari inayoingia kwa mfuko na kutoka kwa kilo isipoelezwa vizuri, stoo itaonekana imeibiwa ndani ya wiki moja.

Salio la kuanzia ndilo moyo wa hatua hii. Leja inafungwa jioni ya siku ya mwisho ya mwezi, na kila mteja kati ya wale 140 hupelekewa barua fupi yenye deni lake ili atie sahihi kama anakubali. Katika mfano, wateja 120 walikubali, na madeni yao yalikuwa shilingi 33,600,000. Wengine 20, wenye shilingi 4,800,000, walipinga au hawakujibu. Duka halisubiri ugomvi wote uishe. Linaingiza salio zote 140 jinsi zilivyo, jumla shilingi 38,400,000 ile ile ya leja, na kuwawekea alama wale 20. Kila sahihisho linalofuata hupita katika akaunti ya tofauti za mwanzo na karatasi yake huhifadhiwa. Jumla ya kompyuta isipolingana na jumla ya leja usiku ule, kazi haianzi asubuhi.

Kisha hufuata kipindi cha kuandika mara mbili, karatasi na kompyuta kwa pamoja. Watu hukichukia, na wana sababu. Ikiwa ankara moja inachukua dakika mbili kuingizwa, ankara 80 ni dakika 160 za kazi ya ziada, yaani saa 2 na dakika 40 kila siku. Kwa hiyo kipindi hicho lazima kiwe na mwisho unaojulikana tangu mwanzo. Wiki nne zatosha kwa duka la kiasi hiki. Kipindi kisicho na mwisho huwafundisha watu kwamba karatasi ndiyo kweli na kompyuta ni mapambo.

Faida ya kuandika mara mbili iko katika kulinganisha kila jioni, wala si mwisho wa wiki. Siku moja ya mfano, ankara zilianza namba 4,201 na kuishia 4,280. Karatasi zilitoa mauzo ya shilingi 6,420,000, na kompyuta ikatoa shilingi 6,135,000. Pengo ni shilingi 285,000. Karani hakuanza kujumlisha upya. Alipitia namba za ankara kwenye kompyuta na kuona kwamba zilikuwa 78 badala ya 80. Ankara namba 4,233 ya shilingi 190,000 na namba 4,260 ya shilingi 95,000 hazikuwapo. Ya kwanza iliandikwa umeme ulipokatika na haikuingizwa uliporudi. Ya pili ilikuwa ya rafiki wa mwenye duka, aliyepewa mali kwa kauli ya mdomo na kuandikiwa karatasi baadaye. Makosa yote mawili yalikuwa ya utaratibu. Kompyuta haikuwa imekosea kitu.

Namba za ankara zikiwa kamili na pengo bado lipo, makarani wa zamani wana kipimo chao, nacho kinafaa hata leo. Pengo ligawanywe kwa 9. Likigawanyika bila baki, inawezekana kuna tarakimu mbili zilizogeuzwa, kama shilingi 182,000 kuingizwa kuwa 128,000. Pengo ni 54,000, na linagawanyika kwa 9. Karani wa mikopo anayejua mbinu hiyo ndiye anayestahili kuwa msimamizi wa ulinganisho wa jioni. Kwa njia hiyo ujuzi wake unapata kazi mpya, na kizuizi kikubwa kuliko vyote kinageuka msukumo.

Mashine za kielektroniki za kutolea risiti, ambazo Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kuzitumia mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa katika kodi ya ongezeko la thamani, haziondolewi na haya yote. Ankara inayotoka kwenye programu ya ofisi si risiti ya kodi kwa sababu tu imechapwa vizuri. Kwa hiyo jumla ya siku ya mashine ya risiti iwe safu ya tatu katika ulinganisho wa jioni, pembeni ya karatasi na kompyuta.

Kugandisha: kufunga leja kwa mstari mwekundu

Wiki nne zikiisha na jumla zimelingana kwa siku kumi mfululizo, leja inafungwa. Karani wa mikopo na mwenye duka wanachora mstari mwekundu chini ya maandishi ya mwisho katika kila ukurasa unaotumika, wanaandika tarehe na kutia sahihi. Leja inafungiwa kabatini. Haichomwi wala haitupwi, kwani Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano. Lakini haikai tena mezani.

Hilo peke yake halitoshi. Mazoea yanashikwa na vitu vinavyoyazunguka, na vitu hivyo navyo lazima vibadilike. Mtunza stoo hatoi mali bila hati iliyochapwa na kompyuta, hata kama aliyetumwa ni ndugu wa mwenye duka. Kila mfanyakazi ana neno lake la siri, ili kosa lijulikane ni la nani na lisimwangukie mwenzake. Nakala ya akiba ya kumbukumbu inatolewa kila jioni na kuwekwa nje ya jengo, na mara moja kwa mwezi inajaribiwa kwenye kompyuta nyingine, maana nakala ambayo haijawahi kufunguliwa si akiba.

Umeme nao upewe utaratibu wake, la sivyo daftari litarudi kupitia mlango huo. Duka linachapisha kitabu kimoja cha ankara za dharura, chenye namba za mfululizo na alama yake ya peke yake. Umeme ukikatika hutumika hicho tu, na kila ukurasa uliotumika huingizwa kwenye kompyuta kabla ya kufunga duka, au jambo la kwanza asubuhi kama umeme haukurudi. Karatasi inabaki, lakini sasa ni sehemu ya utaratibu mpya.

Mtu anayeweza kuvunja ugandishaji kwa urahisi kuliko wote ni mwenye duka. Siku atakapomwambia karani, “hebu niangalizie kwenye daftari,” kila mtu dukani atajua kipi kinaaminika. Yampasa aombe taarifa iliyotoka kwenye kompyuta, na asitie sahihi mkopo mpya ambao haukuambatana na karatasi ya salio la mteja.

Dalili kwamba bado haijaganda

Kuna dalili nne ambazo mwenye duka anaweza kuzisoma mwenyewe bila kumwita fundi. Ya kwanza ni saa za kuingiza ankara. Zikionekana zote zimeingizwa kati ya saa 11 na saa 12 jioni, ujue mchana kutwa kazi inafanyika kwenye daftari la pembeni na kompyuta inatumika kama mashine ya kuchapa.

Ya pili ni stoo yenye idadi pungufu ya sifuri. Hakuna duka linaloweza kuwa na mabati yaliyo chini ya sifuri. Maana yake mali inauzwa kabla kupokelewa kwake hakujaandikwa, na mtunza stoo bado anategemea kadi zake.

Ya tatu ni akaunti ya “wateja mbalimbali”. Ikiwa inakua kila wiki, wauzaji wanakwepa kutafuta jina la mteja na wanatupa kila kitu humo. Ya nne ni swali rahisi: karani wa mikopo akiwa likizo, je, duka linaweza kutaja deni la mteja yeyote? Kama haliwezi, hatua ya tatu haijafanyika.

Dalili hizo zikionekana, dawa inategemea chanzo. Daftari la pembeni linaloandikwa kwa hofu ya kulipishwa linarudisha kazi kwenye hatua ya kwanza, kwani ahadi ya mwanzo haikuaminika. Linaloandikwa kwa sababu programu ni nzito au printa iko mbali na kaunta linataka marekebisho ya hatua ya pili. Kumpokonya karani daftari bila kujua sababu kutaleta daftari jingine, lililofichwa vizuri zaidi.

Mpaka wa nadharia yenyewe

Hatua tatu za Lewin zina wapinzani. Mwaka 2016 wasomi watatu, Cummings, Bridgman na Brown, walionyesha kwamba sura ya nadharia hiyo inayofundishwa vyuoni ilijengwa kwa sehemu kubwa na waandishi waliokuja baada ya kifo chake. Lewin mwenyewe alitumia pia mfano wa mto, ambao huonekana umetulia mahali pamoja ingawa maji yake yanapita wakati wote. Wengine wanauliza kuna maana gani kugandisha kitu wakati programu zenyewe hubadilika kila mara.

Kwa mwenye duka jibu liko katika kuchagua kitu cha kugandisha. Programu inaweza kubadilika mwakani, na sheria ya kodi ikabadilika kabla yake. Kisichotakiwa kubadilika ni ulinganisho wa kila jioni, namba za ankara zisizoruka, na stoo isiyotoa mali bila hati. Ofisi iliyoyazoea hayo matatu itahamia programu nyingine kwa wiki chache. Ile isiyoyazoea itanunua programu ya pili, kisha ya tatu, na jibu la deni la mteja litaendelea kutoka kwenye droo.